Chumvi ya Pakiti, ya Kupimiwa na ya Waridi: Ipi Inastahili Pesa ya Mpishi wa Nyegina?

Mama mjamzito wa Nyegina akienda kliniki huambiwa ahakikishe nyumbani kwake kuna chumvi yenye madini joto. Mumewe akienda kupima presha huambiwa apunguze chumvi. Binti yao aliye Mwanza anawatumia kwenye simu picha ya chumvi ya rangi ya waridi na maelezo kwamba ina madini themanini na zaidi, na kwamba chumvi nyeupe ya dukani ni sumu. Jirani naye anawacheka wote: watu tunaokula dagaa, sato na sangara kila siku tunahitaji madini joto ya nini? Kila mmoja ana kipande cha hoja, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea, kwa kuwa kila hoja inajibu swali lake na chumvi ni ile ile moja inayoingia kwenye sufuria.

Uchambuzi huu unajaribu kuyatenganisha maswali hayo. La kwanza ni kama mtu anayeishi kati ya Musoma, Butiama na Bunda anahitaji kweli madini joto kutoka kwenye chumvi. La pili ni kama pakiti ya dukani inayatoa kama inavyodai. La tatu ni kama kuna chumvi au kiungo cha bei kubwa kinachostahili bei hiyo.

Ziwa ni kubwa, lakini si bahari

Madini joto, yaani iodini, ndiyo malighafi ambayo tezi ya shingo huitumia kutengeneza homoni zinazoendesha mwili na kujenga ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha mikrogramu 250. Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini lazima kipatikane mara kwa mara, kwa sababu akiba ya mwili si ya muda mrefu. Kikipungua, tezi huvimba ikijitahidi kunasa kidogo kilichopo, na hapo ndipo goita inapoonekana. Uvimbe huo ndio unaoonekana kwa macho. Madhara makubwa zaidi hayaonekani: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na ubongo uliodumaa, na wanafunzi wanaoonekana wazito darasani bila mtu kujua sababu.

Sehemu kubwa ya iodini ya dunia iko baharini. Mvua za karne na karne huiosha kutoka kwenye udongo wa nchi kavu na kuipeleka huko, ndiyo maana mimea ya bara huwa nayo kidogo, na ng'ombe anayekula mimea hiyo vivyo hivyo. Hapa hoja ya jirani inaanza kuyumba. Ni kweli samaki wa baharini wana iodini nyingi, na ushauri wa kula samaki ili kuzuia goita ulitokana nao. Lakini Ziwa Viktoria ni maji yasiyo na chumvi, na samaki wa maji ya namna hiyo kwa kawaida wana iodini kidogo sana wakilinganishwa na wa baharini. Dagaa wa Musoma ni chakula bora kwa protini na kalisi, hilo halina ubishi. Kwa madini joto hawawezi kuchukua nafasi ya chumvi.

Nchini, Taasisi ya Chakula na Lishe ndiyo iliyoufuatilia ugonjwa huu tangu zamani. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kuwa robo ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na goita, na wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini. Kisha zikaja kanuni za kulazimisha chumvi yote ya kula kuwekwa madini joto, zilizoanza kufanya kazi katikati ya miaka ya 1990. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta goita kwa watoto wa shule imeshuka hadi takribani asilimia 7. Hakuna badiliko lingine kubwa la chakula katika kipindi hicho linaloeleza kushuka huko vizuri zaidi kuliko chumvi.

Muhogo unavyoongeza dau

Kuna jambo ambalo matangazo ya chumvi hayaligusi, na kwa watu wa kando ya ziwa upande wa Mara ndilo linalobadilisha hesabu nzima. Ni ugali wa muhogo.

Muhogo mchungu una kemikali ambazo, mizizi ikikatwa au kuliwa, hutoa sianidi. Mwili hujikinga kwa kuigeuza sianidi kuwa thayosianeti, ambayo hutoka kwa mkojo. Thayosianeti hiyo, ikiwa bado kwenye damu, hushindana na iodini mlangoni mwa tezi ya shingo na kuizuia isiingie. Mtu mwenye madini joto ya kutosha hahisi lolote. Mwenye madini joto kidogo huongezewa upungufu juu ya upungufu.

Mfano uliochunguzwa vizuri kuliko yote ni wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Watafiti waliofanya kazi huko kuanzia miaka ya 1960 walikuta kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu wana goita, na kusini magharibi ni wachache sana, ilhali iodini ilikuwa haba pande zote mbili kwa kiasi kinachofanana. Kilichotofautisha pande hizo kilikuwa muhogo na sumu iliyobaki ndani yake. Idjwi kwa hiyo inatufundisha kwamba upungufu ule ule wa madini joto unaweza kuvumilika katika kijiji kimoja na kuleta maafa katika kijiji cha pili, kutegemea kilichomo kwenye sufuria ya ugali.

Mara yenyewe imewahi kuonja upande mwingine wa sumu hiyo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wagonjwa 39 wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, waliripotiwa katika Wilaya ya Tarime. Konzo haisababishwi na upungufu wa madini joto, lakini chanzo chake ni kile kile: njaa ilikuwa imewafanya watu wafupishe siku za kuandaa muhogo mchungu. Mizizi iliyomenywa na kuanikwa tu kuwa makopa hubaki na sumu nyingi kuliko ile iliyolowekwa au kuvundikwa siku kadhaa hadi ikalainika, ikakwanguliwa, ikakaushwa vizuri juani ndipo ikasagwa. Kwa kaya inayokula ugali wa muhogo mara mbili kwa siku, kuvundika vizuri na kuchagua chumvi sahihi ni kinga mbili zinazosaidiana, na mwaka wa ukame, ya kwanza inapolegea, ya pili ndiyo inayobaki.

Hoja ya pakiti na nyufa zake

Chumvi inayofika madukani Musoma hutoka pande kadhaa. Ipo ya pwani ya Tanzania, inayokaushwa kwa jua kwenye mashamba ya chumvi. Ipo ya Uvinza mkoani Kigoma, ambako maji ya chumvi yanayobubujika ardhini yamekuwa yakichemshwa kwa zaidi ya miaka elfu. Na ipo ya pwani ya Kenya, ambayo kwa wakazi wa Mara njia yake ya kawaida ni mpaka wa Sirari. Iliyofungwa kiwandani huwekwa potasiamu aiodeti, kemikali inayoandikwa kwenye pakiti kama KIO3. Huchaguliwa badala ya potasiamu iodidi kwa sababu inastahimili joto na unyevu wa nchi zetu vizuri zaidi.

Nguvu ya pakiti ni kwamba inaleta madini joto bila kumtaka mtu abadili chochote katika mapishi yake. Haina ladha tofauti wala rangi, na haiharibu samaki wala kachumbari. Tajiri na maskini wote hula chumvi kila siku kwa kiasi kisichotofautiana sana, kwa hiyo dawa hii inafika hadi mwisho wa kijiji kuliko kidonge chochote.

Ufa wa kwanza upo kwenye uchanganyaji. Kiwanda kikubwa kina mashine ya kunyunyizia aiodeti chumvi ikipita kwenye mkanda. Mzalishaji mdogo wa pwani anaweza kutumia bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa ya pamba, juu ya lundo la chumvi kisha akaligeuza kwa koleo. Matokeo yake ni kiroba kimoja chenye sehemu iliyozidi na sehemu isiyo na kitu. Utafiti wa 2004 nilioutaja ulionyesha dosari hii kwa namna ya kushangaza: mkojo wa takribani robo ya watoto ulionyesha madini joto pungufu, na wa zaidi ya theluthi ulionyesha kiasi kilichozidi. Wastani wa taifa ulikuwa mzuri kabisa. Kuzidi nako kuna hatari yake, hasa kwa watu wazima walioishi miaka mingi na upungufu, ambao tezi zao zinaweza kuanza kufanya kazi kupita kiasi na kuleta mapigo ya moyo ya haraka na kukonda. Jambo hilo lilionekana Kivu katika miaka ya 1990 baada ya chumvi yenye madini joto mengi kuingia kwa kasi. Lakini dawa ya kuzidi ni kusimamia viwanda. Kumrudisha mama mjamzito kwenye chumvi tupu kungemponya mmoja kwa kumuumiza mwenzake.

Ufa wa pili ni safari. Aiodeti hupotea taratibu kwa unyevu, joto, jua na uchafu. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba asilimia 20 hupotea kati ya kiwandani na nyumbani, na asilimia 20 ya kinachobaki hupotea jikoni. Hapo ni pale ambapo pakiti imefungwa vizuri. Chumvi iliyoloa, iliyokaa kwenye kiroba cha kusuka karibu na ukuta unaovuja, hupoteza zaidi, kwa sababu maji yanayochuruzika chini ya kiroba huondoka na aiodeti yake. Vipimo vya kitaifa vinaonyesha hali hiyo. Mwaka 2010 ni asilimia 47 tu ya kaya nchini zilizokuwa na chumvi yenye madini joto ya kutosha, yaani angalau miligramu 15 katika kilo, na katika utafiti wa 2015 hadi 2016 zikawa asilimia 61. Kaya zilizokuwa na chembe kidogo ya madini joto zilikuwa nyingi kuliko hizo. Kwa hiyo pakiti yenye maandishi sahihi imekupa nafasi nzuri, haijakupa hakika.

Je, mtu anaweza kupima nyumbani? Wahudumu wa afya wana kichupa kidogo cha maji ya wanga yaliyochanganywa na kemikali nyingine mbili. Tone moja juu ya chumvi yenye madini joto hugeuka bluu au zambarau, na chumvi tupu hubaki nyeupe. Kipimo hicho hutenganisha iliyo nayo na isiyo nayo, lakini hakiaminiki katika kusema ni kiasi gani. Mbinu ya ndimu na maji ya viazi inayozunguka kwenye simu ni dhaifu zaidi, kwa kuwa inaweza kumdanganya mtu kwamba chumvi nzuri ni tupu. Jicho la mnunuzi lina kazi nyingine: pakiti ya plastiki isiyotobolewa, chumvi kavu inayomiminika, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe, alama ya ubora ya Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 limechukua pia kazi ya usalama wa chakula, na kiasi cha madini joto kilichoandikwa.

Hapo kwenye kiasi wengi huteleza. Baadhi ya pakiti huandika kiasi cha KIO3, nyingine huandika iodini yenyewe. Aiodeti ni iodini kwa takribani asilimia 59 tu ya uzito wake, kwa hiyo miligramu 50 za KIO3 katika kilo ni sawa na miligramu 30 hivi za iodini. Pakiti mbili zinazoonekana kutofautiana sana zinaweza kuwa sawa kabisa.

Chumvi ya mawe ya kupimiwa

Katika maduka ya vijijini na kwenye magulio, mshindani wa pakiti ni kiroba kilichofunguliwa mdomo, chenye chumvi ya mawe inayopimwa kwa kikombe au kufungwa kwenye vifuko vya bei ndogo. Sababu za kuinunua si ujinga. Inauzwa kwa kiasi chochote mfuko wa siku hiyo unachoruhusu, wapishi wengi wanaiona kali zaidi, na kando ya ziwa inahitajika kwa wingi kwa kazi nyingine: kuwatia samaki chumvi, kutengeneza kayabo ya sangara, kuhifadhi ngozi na kulambisha ng'ombe. Kwa kazi hizo chumvi isiyo na madini joto haina kosa.

Kosa hutokea chumvi ile ile inapovuka kutoka kwenye pipa la samaki kwenda kwenye chungu cha mboga. Muuza duka mwenye kiroba kimoja hawezi kuwatenganisha wateja wake, na mara nyingi hana hata njia ya kujua kama alichonunua mnadani kilipitia kwenye aiodeti. Hata kama kilipitia, kiroba kilichokaa wazi wiki kadhaa mlangoni, jua la asubuhi na unyevu wa ziwa vikipishana juu yake, kimeshapoteza sehemu. Ukali wa ladha nao hausemi kitu. Ladha ya chumvi ni ya sodiamu kloridi, na anayeonja hawezi kutambua iodini.

Kuna anayeweza kusema: kama kaya haina shilingi 500 kwa mkupuo, ushauri wa pakiti ni wa walio nazo. Hoja hiyo ni nzito. Jibu lake liko kwa wafungashaji, na pakiti ndogo za gramu mia au mia mbili zilizofungwa kiwandani zinapopatikana, zinaliondoa tatizo kwa sehemu kubwa. Pale zisipopatikana, mwenye duka anayefungua pakiti na kuzigawa kwenye vifuko asubuhi ile ile bado anauza kitu bora kuliko kiroba.

Magadi, kwa kuwa huwekwa rafu moja na chumvi, yasichanganywe nayo. Hayo ya kulainishia mlenda na maharage ni chumvichumvi ya kaboneti. Hayana madini joto ya kutegemewa na yanaongeza sodiamu.

Ya waridi na ya bahari

Sasa tuje kwenye ile ya kwenye simu. Chumvi inayouzwa kwa jina la Himalaya huchimbwa zaidi Khewra, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, kutoka kwenye mabaki ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Rangi yake ni ya madini ya chuma, yaani kutu kwa lugha nyepesi. Zaidi ya asilimia 95 yake ni sodiamu kloridi, kitu kile kile kilichomo kwenye pakiti ya shilingi 500.

Dai la madini themanini na zaidi si uongo mtupu. Vipimo vya maabara hukuta chembechembe za elementi nyingi katika jiwe lolote. Swali ni kiasi. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2020 ulipima chumvi za waridi zilizokuwa madukani na kuonyesha kwamba mtu angelazimika kula zaidi ya gramu 30 kwa siku, kama vijiko sita vya chai, ili apate mchango wa maana wa madini hayo. Kiasi hicho ni mara sita ya kiwango cha juu kinachopendekezwa cha chumvi, na presha ingemfikia kabla ya hayo madini. Sampuli moja ilikutwa na risasi iliyopita kiwango, jambo linalotukumbusha kuwa jiwe halichagui madini ya kubeba. Bakuli la dagaa litampa mtu kalisi na chuma ambavyo chumvi ya waridi anayokula kwa siku haiwezi.

Na kile kinachotakiwa hasa, madini joto, kwa kawaida hakimo kwa kiasi cha maana. Familia inayohama kutoka pakiti kwenda waridi inalipa zaidi ili ipate pungufu.

Chumvi ya bahari isiyoongezwa kitu ina watetezi wenye hoja inayoonekana nzuri: kama iodini iko baharini, chumvi ya bahari lazima iwe nayo. Hesabu inaikataa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi takribani gramu 35 na iodini mikrogramu 60 hivi. Hata kama iodini yote ingebaki wakati maji yanakauka, na haibaki yote, kijiko cha chai cha gramu 5 kingekuwa na mikrogramu 9. Mtu mzima anahitaji 150. Samaki na mwani wa bahari wana iodini nyingi kwa sababu huikusanya miilini mwao maisha yao yote. Chumvi haikusanyi chochote, inaachwa tu maji yakiondoka.

Kinachobaki kwa chumvi hizi ni umbile na ladha. Mkahawa wa watalii wanaokwenda Serengeti unaoinyunyizia nyama choma chembe kubwa za waridi unauza mvuto, na mvuto una bei yake halali. Ndani ya mchuzi, chembe hizo zikishayeyuka, hakuna mlaji atakayezitambua.

Chumvi ya potasiamu: ghali yenye hoja

Kati ya chumvi zote maalumu, moja tu ina ushahidi unaoweza kumfanya mtu mwenye akili timamu alipe zaidi. Ni ile ambayo sehemu ya sodiamu imetolewa na potasiamu kloridi kuwekwa mahali pake. Katika jaribio kubwa lililofanyika katika vijiji 600 vya China na kutangazwa mwaka 2021, watu takribani 21,000, wengi wao waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha, waligawanywa makundi mawili. Waliotumia chumvi yenye robo ya potasiamu walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wazima badala ya chumvi ya kawaida jikoni, na kuwatoa wajawazito, watoto na wenye matatizo ya figo.

Kutolewa kwa hao ndiko kunakoifanya iwe ngumu kwa kaya za kwetu. Figo zilizochoka haziwezi kutoa potasiamu ya ziada, na ikipanda kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Baadhi ya dawa za presha nazo huzuia potasiamu isitoke. Wengi wenye figo dhaifu hawajui, kwa sababu hawajawahi kupimwa damu. Sufuria ni moja kwa babu, mjamzito na mtoto, kwa hiyo chumvi ya mmoja ni ya wote. Anayeifikiria aanze na kipimo cha figo, kisha asome pakiti kama imeandikwa pia madini joto, kwa sababu si zote zinayo.

Vidonge vya supu na sosi

Hapa ndipo pesa nyingi za kaya za Musoma na Bunda zinapokwenda kuliko kwenye chumvi ya waridi, na ndipo mjadala unapokuwa mchache. Vidonge vya supu na unga wa kukoleza mchuzi huuzwa mmoja mmoja kwa bei ndogo, na mpishi huona amenunua ladha ya nyama. Ukisoma maandishi madogo nyuma, kiungo cha kwanza karibu kila mara ni chumvi, na mara nyingi ni nusu ya uzito au zaidi. Kidonge cha gramu 4 kinaleta kama gramu 2 za chumvi. Kijiko kikubwa cha sosi ya soya kinaleta kiasi kinachokaribia hicho au kuzidi.

Uzuri wake usipuuzwe. Kwa mboga za majani zisizo na mafuta wala nyanya, kidonge kimoja huwafanya watoto wale. Tatizo ni mara mbili. Mpishi huweka kidonge na bado akatia chumvi ile ile aliyoizoea. Na kama amepunguza chumvi yake ya pakiti ili kuweka kidonge, ameyapunguza madini joto pia, isipokuwa mtengenezaji ametumia chumvi yenye madini joto. Wengine hutumia, na huandika hivyo kwenye orodha ya viungo. Nyanya iliyokaangwa hadi ikaiva, kitunguu, tangawizi, ndimu na dagaa wa kukaanga waliosagwa hutoa sehemu kubwa ya ladha hiyo, na wenyewe hawaji na chumvi ya kuficha.

Mizani ya kaya ya watu sita

Tuchukue kaya ya watu sita ambao kila mmoja anakula gramu 10 za chumvi kwa siku. Ni gramu 60 kwa siku, chini kidogo ya kilo mbili kwa mwezi, yaani pakiti nne za nusu kilo. Tukichukulia kuwa pakiti ni shilingi 500 na kiasi hicho hicho cha chumvi ya kupimiwa ni 300, tofauti ya mwezi mzima ni shilingi 800, ambayo ni pungufu ya nauli ya bodaboda ya kwenda mjini. Tukichukulia nusu kilo ya waridi kuwa shilingi 8,000, kaya ingetumia 32,000 kwa mwezi. Bei hizi msomaji azibadilishe kwa za duka lake. Uwiano wake hautabadilika kiasi cha kugeuza uamuzi.

Sasa madini joto yenyewe. Pakiti iliyotoka kiwandani na miligramu 30 za iodini kwa kilo hufika nyumbani na 24, na baada ya kupika zinabaki 19 hivi. Anayekula gramu 10 anapata mikrogramu 190, zinazomtosha mtu mzima lakini hazimtoshi mjamzito. Anayetii ushauri wa presha na kushuka hadi gramu 5 anapata 95 tu. Huu ndio mgongano wa kweli katika suala zima, na jibu lake si kula chumvi nyingi. Mashauri ya kitaalamu ni kwamba taifa likipunguza chumvi, viwanda viongeze iodini katika kila kilo. Kabla ya hapo, jikoni kuna ile sehemu inayopotea ambayo mpishi anaweza kuiokoa: chumvi ikae kwenye chombo chenye kifuniko mbali na mvuke wa jiko na dirisha lenye jua, isioshwe, na itiwe mwishoni mboga ikikaribia kuiva badala ya kuchemshwa tangu mwanzo.

Kwa kaya hiyo ya watu sita, basi, pakiti iliyofungwa inashinda chumvi ya kupimiwa kwa tofauti ndogo ya bei na faida kubwa, na kwa wanaokula ugali wa muhogo ushindi huo ni mkubwa zaidi. Kutoka pakiti kwenda waridi au chumvi tupu ya bahari ni kulipa ili kurudi nyuma. Chumvi ya potasiamu ni suala la mgonjwa wa presha na daktari wake, figo zikiwa zimepimwa. Mjamzito ambaye mumewe amekatazwa chumvi apakue kwanza mboga ya mume ikiwa na chumvi kidogo, kisha yake aikoleze mezani kwa pakiti ile ile. Chumvi iliyonyunyizwa baada ya moto haipotezi hata ile asilimia 20 ya jikoni, na kama mboga ya wote ni yenye majimaji, mchuzi wake usimwagwe.